Mabati ya Webuye yalikulwa na nini? Stori ya mvua ya asidi, na kwa nini shamba la Sirisia lina kesi tofauti

Kama ulikuwa unapanda matatu ya Bungoma kwenda Eldoret, ama ya Kitale kushuka Kakamega, kabla ya 2009, hiyo harufu ya Webuye unaijua. Ilikuwa inakufikia kabla hata uone bomba la kiwanda. Yai viza likichanganywa na kabichi iliyolala kwa sufuria siku tatu, hivyo ndo ilikuwa. Watu wanafunga madirisha, makanga anacheka, na hukosi msee mmoja wa kiti cha nyuma wa kusema hiyo ni harufu ya pesa.

Hiyo ilikuwa Pan Paper, jina lote Pan African Paper Mills. Ilianza kutoa karatasi 1974, ikafungwa 2009, na 2016 mali yake ikauziwa familia ya Rai. Hiyo miaka yote ya kwanza watu wa Webuye walikuwa na malalamishi mawili hayaishi: harufu, na mabati. Unaezeka nyumba na mabati yanang'aa, kabla mtoto afike darasa la tatu yashashika kutu na yanavuja. Na huku kwetu Sirisia, mbali na hilo bomba, ukisikiza wazee utapata mwenye anasema mahindi yake yamegeuka zambarau juu ya hiyo hiyo mvua ya kiwanda.

Sasa hapo kuna kesi mbili, na watu huzichanganya. Kesi ya mabati ina ushahidi mzuri sana wa kikemia. Kesi ya shamba, mshtakiwa ni mwingine, na pengine umemweka kwa stoo. Twende polepole.

Harufu sio yenye inakula mabati

Karatasi inatoka kwa mti. Ili upate zile nyuzi laini za karatasi, unakatakata mti vipande vidogo, unavichemsha kwa presha ndani ya kemikali kali za sodiamu, na moja ya hizo kemikali ina salfa. Salfa inasaidia kuyeyusha ile gundi yenye inashikanisha nyuzi za mti. Kazi ikiisha unabaki na nyuzi upande mmoja, na upande wa pili uji mweusi wenye gundi, maji na hiyo salfa. Kiwanda hakimwagi huo uji, juu una kemikali za bei. Kinauchoma kwa tanuru ili kipate moto na kirudishiwe kemikali zake.

Ni hapo kwa kupika na kuchoma ndo salfa huchomoka. Sehemu ndogo inatoka kama gesi za yai viza, na pua ya binadamu ni kali ajabu kwa hizo gesi. Unazisikia hata kama ni chembe chache kwa bilioni ya hewa. Kwa hiyo harufu kali haimaanishi gesi ni nyingi. Gesi yenye inaleta shida kubwa ya kutu ni ile imeungua kabisa, oksidi ya salfa, SO2. Hiyo inanuka kama kiberiti kikiwashwa tu, na ikiwa kidogo huisikii hata kidogo. Yaani siku pua yako inapumzika, mabati yako yanaweza kuwa kazini.

Tena sio lazima kiwanda kiwe cha karatasi. Mahali popote unachoma mafuta mazito ya viwandani, salfa iko ndani. Piga hesabu hii, ni rahisi. Tani moja ya mafuta mazito yenye salfa asilimia 3 ina kilo 30 za salfa. Ukiichoma, kila atomu ya salfa inabeba atomu mbili za oksijeni, na uzito unakuwa mara mbili: kilo 60 za SO2. Hiyo gesi ikiendelea kushika oksijeni na maji huko hewani, inakuwa asidi ya salfa, H2SO4, uzito unapanda tena hadi kama kilo 92. Hiyo ndo asidi ile ile ya betri ya gari. Tani moja ya mafuta, kilo tisini na kitu za asidi. Hewa ndo inaongeza huo uzito wote, kiwanda kilitoa salfa pekee.

Huko juu kunatokea nini

SO2 ikitoka kwa bomba haigeuki asidi papo hapo. Iko na njia mbili. Ya kwanza ni ya hewa kavu: jua linatengeneza vipande vidogo vya kemikali vyenye hasira sana, vinashika SO2 na kuisukuma iwe asidi. Hii ni ya pole, asilimia chache tu kwa saa, na usiku inalala. Njia ya pili ni ya wingu. SO2 ikiingia kwa tone la maji inayeyuka, na ndani ya hilo tone kuna peroksidi, ndugu ya ile dawa ya kuoshea vidonda yenye hutoa povu. Hapo ugeuzi ni wa haraka sana. Ndo maana siku ya mawingu mazito kando ya kiwanda si siku ya kuanika nguo nyeupe.

Alafu kuna oksidi za naitrojeni, na hizi ni stori ingine kabisa. Salfa lazima iwe kwa mafuta ama kwa mti ama kwa jiwe. Naitrojeni haihitaji kubebwa, juu hewa yenyewe ni naitrojeni, karibu asilimia 78. Kawaida imetulia, haitaki mambo na mtu. Lakini ukiipa joto kali, inashikana na oksijeni. Injini ya lori inatoa hilo joto. Radi pia, tena kuliko injini: mstari wa radi unafikia karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, na hewa yenye imeguswa inatoka ikiwa imegeuka. Sisi wa magharibi tunajua radi, si ya kusimuliwa. Kwa hiyo mvua yetu imekuwa ikishuka na asidi kidogo ya naitrojeni tangu kabla reli ifike Malaba.

Hii tofauti ya salfa na naitrojeni ina maana kwa barabara. Tangu Januari 2015 Kenya na majirani wameuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500 ya zamani. Salfa ya malori ikashuka mara kumi kwa sheria moja. Lakini hayo malori ya Malaba yenye yanapanga foleni hapo kwa barabara kuu bado yanatoa oksidi za naitrojeni vile vile, juu huwezi kusafisha naitrojeni kutoka kwa mafuta wakati haiko kwa mafuta.

Kitu kimoja kuhusu kipimo, alafu tuendelee. Asidi hupimwa kwa pH. Saba ni katikati, chini ya hapo ni asidi, na kila namba moja ukishuka ni mara kumi. Mvua safi haina saba. Inashika kaboni dioksidi njiani, kama soda isiyo na sukari, inafika na 5.6 hivi. Kwa hiyo msee akikuambia mvua yake ina 6 ama 5.5, hiyo ni mvua tu. Ikiwa 4.6, hiyo ina asidi mara kumi ya kawaida, sasa tuongee.

Na ukitaka kupima, usikinge maji ya mabati. Mabati yenyewe yanakula asidi na kuficha ushahidi. Weka bakuli safi la plastiki juu ya meza mahali wazi, mbali na mti na paa, na uwe unajua kwamba yale matone ya kwanza ndo makali zaidi, juu yanafagia hewa. Dakika ishirini baadaye, mvua ile ile inaweza kuwa imepoa.

Sasa mabati

Bati sio chuma pekee. Ni chuma kimepakwa zinki pande zote mbili, na hiyo zinki ndo unalipia. Ukiangalia bati jipya linang'aa, baada ya mwaka mmoja ama miwili linakuwa kijivu. Watu wengi hudhani hapo limeanza kuharibika, kumbe hapo ndo limevaa koti. Zinki imeshikana na hewa na maji ikatengeneza ngozi ya kaboneti, ngumu, haiyeyuki kwa mvua ya kawaida. Chini ya hiyo ngozi zinki inaisha pole pole sana.

Asidi ya salfa inachukua hilo koti. Inakula kaboneti, inatoa gesi kama ya soda, na kinachobaki ni salfeti ya zinki. Shida ya salfeti ya zinki ni moja tu: inayeyuka kwa maji kama chumvi ya jikoni. Mvua inayofuata inaiosha yote inashuka nayo kwa mfereji. Bati linabaki uchi, zinki mpya inatengeneza koti lingine, asidi inalivua tena. Haijatoboa kitu bado, inamaliza tu zinki kidogo kidogo kila mzunguko. Siku zinki inaisha, chuma kinakutana na maji, na kutu nyekundu inaanza.

Namba zake ni hizi. Bati la bei nafuu linaweza kuwa na gramu 100 za zinki kwa kila mita mraba, ukihesabu pande zote mbili. Gramu 50 kila upande. Ukigawa kwa uzito wa zinki unapata unene wa maikroni 7. Unywele wako ni mnene kuliko hiyo mara kumi ama zaidi. Huo ndo ukuta kati ya kitanda chako na mvua ya Aprili.

Wataalamu wa kutu wana viwango vya kimataifa vya hewa. Kwa hewa safi ya mashambani zinki inapotea chini ya maikroni 0.7 kwa mwaka. Kwa hewa ya viwanda yenye salfa nyingi inaweza kupotea maikroni 4 na zaidi, hadi 8. Chukua zile maikroni zako 7. Ukiwa ocha kwa hewa safi, 7 gawa kwa 0.7, ni miaka 10 kabla chuma kionekane, na mara nyingi ni zaidi. Ukiwa chini ya moshi wa salfa, 7 gawa kwa 4, hata miaka miwili huishi. Bati moja, duka moja, fundi mmoja. Kwa hiyo mtu wa Webuye akisema mabati yake yalikufa haraka kuliko ya ndugu yake wa Chwele, hesabu haimkatazi.

Na kuna kitu watu hawajui kuhusu hii kazi: kando ya kiwanda, sehemu kubwa ya uharibifu haingoji mvua. SO2 inashuka yenyewe ikiwa gesi na kukaa juu ya kitu chochote chenye unyevu. Asubuhi paa lina umande. Gesi inayeyuka kwa huo umande, tone dogo tu, halina maji mengi ya kuipunguza nguvu, na jua likitoka maji yanakauka huku asidi ikibaki na kuwa kali zaidi. Kwa hiyo lile jina mvua ya asidi linadanganya kidogo. Karibu na bomba ni umande wa asidi. Mvua kubwa yenyewe, ikija kwa nguvu, wakati mwingine inasaidia paa kwa kuliosha.

Lakini usikimbilie kulaumu kiwanda kila ukiona kutu. Cheki kutu imeanzia wapi. Kama imeanza upande wa chini, hapo juu ya mafiga, huo ni moshi wako wa kuni. Moshi wa kuni una asidi zake, za ukoo wa siki, na zinki haizipendi kabisa. Kama imeanza kando ya misumari na pale fundi alikata, ni fundi, maana kwa mkato zinki imeondoka. Kama imeshika pale mabati mawili yanalaliana na inaanza na unga mweupe, ni maji yalikwama hapo, hata kwa duka kabla ununue. Yenye inaelekea kuwa ya hewani inatapakaa kwa paa lote sawasawa, na ya jirani mliyeezeka naye mwaka mmoja inakuwa hivyo hivyo, na ukisogea kilomita kadhaa mbali na moshi inapungua. Hiyo ya kusogea ndo kipimo chenyewe. Bila kulinganisha, unabahatisha tu.

Kuna mahali hapa Afrika Mashariki hakuna kiwanda na mabati yanakulwa vile vile. Enda Goma, mashariki ya Kongo. Nyiragongo na Nyamulagira, hiyo milima miwili ya moto, inatoa SO2 ya asili kwa wingi sana, hata wakati hailipuki. Vijiji vyenye moshi hulalia, kama Rusayo, mvua hushuka na asidi ya kweli, majani ya mimea yanaungua na paa linatoboka. Na huko kuna balaa ya ziada: moshi wa volkeno una florini, na watu wanakinga maji ya kunywa kutoka kwa paa hizo hizo. Meno ya watoto yanabadilika rangi. Sisi wa Bungoma tulipata harufu, wao wanakunywa.

Mawe nayo? Kwa haraka tu, juu huku kwetu nyumba ni matofali na matope. Asidi inatafuta kalsiamu. Jiwe la matumbawe la Mombasa na Lamu, marumaru, chokaa ya ukutani, hata simiti, vyote vina kalsiamu. SO2 ikikaa hapo inageuza uso wa jiwe kuwa jasi, ile ya kutengeneza siling'i. Jasi inavimba, inashika masizi inakuwa nyeusi, alafu inabanduka na uso wa jiwe. Tofali la kuchoma halina kalsiamu nyingi, kwa hiyo nyumba ya kuka wako iko salama kwa hiyo kesi.

Shamba: hapa mshtakiwa ni mwingine

Udongo wa magharibi ni wa asidi, hilo si porojo. Sehemu nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zikipimwa ziko chini ya 5.5, na hapo mahindi yanaanza kuteseka. Si ati asidi inachoma mizizi. Udongo wetu mwekundu umejaa aluminiamu, lakini imefungwa ndani ya chembe za udongo, haisumbui. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inafunguka na kuingia kwa maji ya udongo. Ncha za mizizi zinakufa, mzizi unakuwa mfupi na mnene kama kidole, haufiki maji. Tena hiyo aluminiamu na chuma vinakamata fosforasi na kukataa kuiachilia. Jani la mahindi machanga likikosa fosforasi linageuka zambarau pembeni. Hiyo ndo ile rangi wazee wanalaumu mvua.

Sasa tupime mvua na mshtakiwa wa pili kwa mizani moja. Mizani yetu ni chokaa: unahitaji kilo ngapi za chokaa kuzima hiyo asidi kwa ekari moja?

Tuanze na mvua, na tuipe adhabu kubwa kabisa. Tuseme mvua yote ya mwaka ilishuka na 4.5, ambayo ni kali kwelikweli, zaidi ya mara kumi ya kawaida. Tuseme ilinyesha milimita 1,500. Kwa ekari hiyo ni lita kama milioni 6. Ukipiga hesabu ya asidi yote ndani ya hizo lita, unahitaji karibu kilo 10 za chokaa kuizima. Mwaka mzima, kilo 10. Ndoo moja.

Alafu leta DAP. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, vile tumezoea kupanda. Ndani yake kuna kilo 9 za naitrojeni, na iko kwa umbo la amonia. Bakteria wa udongo wanaigeuza iwe nitrati ili mahindi yale, na kwa hiyo kazi wanatoa asidi. Nitrati yenye mahindi hayajakula inasombwa na mvua kwenda chini, ikibeba kalsiamu na magnesi njiani, na asidi inabaki. Hesabu ya kawaida ya wataalamu wa udongo ni kwamba mfuko huo mmoja unadai kilo 30 na kitu za chokaa kuuzima.

Mara tatu ya mvua mbaya kabisa yenye tumeweza kuibuni. Na hiyo ni msimu mmoja. Weka miaka thelathini ya mtu kupanda mahindi na DAP hapo hapo, na kila mwaka gunia zinaondoka na kalsiamu yake kwenda Chwele sokoni, na mabua yanapewa ng'ombe. Udongo ulikuwa umechoka hata kabla, ni wa zamani na umeoshwa na mvua maelfu ya miaka. Kwa hiyo kama uko Sirisia na shamba lako lina pH 4.8, usimtafute mwenye kiwanda. Hesabu mifuko.

Hii si kusema DAP ni sumu. Fosforasi yake inahitajika, na hii asidi inazimika. Lakini ukidhani shida inatoka mawinguni, utakaa ungoje kiwanda kifungwe. Na hiki kilifungwa 2009. Kama kweli mvua ndo ilikuwa inaharibu shamba, miaka saba ya bomba kulala ingefaa ionekane kwa gunia. Udongo haupandi pH wenyewe kwa sababu moshi umeisha, ng'o. Unahitaji chokaa ya shamba, ile ya kusagwa kama yenye hutoka Koru huko Kisumu, na unahitaji nyingi, mamia ya kilo kwa ekari, sio konzi moja kwa shimo. Ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, juu inafanya kazi pole. Ipime kwanza lakini. Chokaa ikizidi nayo inafungia mimea zinki na madini mengine madogo, unaondoka kwa shida moja unaingia ingine.

Mbolea ya CAN ya kuongezea, by maana ya jina lake, ina kalsiamu ndani. Hiyo asidi yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya DAP.

Na maziwa?

Hapa ndo hiyo aluminiamu inarudi. Stori kubwa ya mvua ya asidi na maziwa ilianza Skandinavia. 1967 msomi wa udongo wa Uswidi, Svante Odén, aliandika kwa gazeti kwamba samaki wa maziwa ya kwao wanaisha kwa sababu ya salfa yenye inachomwa Uingereza na Ujerumani, mbali kabisa. Watu walishangaa, juu moshi haukuwa unaonekana. Ziwa lenyewe lilikuwa linaonekana fiti, maji safi hadi unaona chini. Yalikuwa safi juu vitu vilikuwa vimekufa.

Asidi peke yake haikuwa imeua wote. Mvua ilikuwa imefungua aluminiamu kutoka kwa udongo wa milimani, kama vile DAP inafanya kwa shamba lako, na maji yakaibeba hadi ziwani. Ikigusa matamvua ya samaki inaganda kama ute, samaki anakosa hewa akiwa ndani ya maji. Mayai na vifaranga ndo hutangulia. Kwa hiyo mvuvi anaona samaki wachache lakini wakubwa wakubwa, anafurahia, hajui hakuna watoto nyuma yao.

Kwa nini haijatokea kwa maziwa yetu makubwa? Mwamba. Maziwa ya Skandinavia yamekaa juu ya mawe ya granaiti na udongo mwembamba, hakuna kitu cha kuzima asidi. Ziwa Nakuru limejaa magadi, pH yake iko karibu na 10. Ungeleta malori ya asidi na bado lingekuangalia tu. Ziwa Victoria si la magadi, lakini lina baikaboneti ya kutosha, na mito kama Nzoia inaongeza kila siku. Maji yenye yako hatarini kwa ukweli ni yale madogo ya juu kabisa milimani, vile vidimbwi vya Mlima Kenya na Elgon vyenye hupata mvua na barafu pekee. Hayo yana madini machache sana, na asidi kidogo inaweza kuyasukuma.

Kwa Victoria shida ya mvua ni ile naitrojeni. Oksidi zile zile za malori, moshi wa kuchoma miwa na mabua, na radi, zikishuka ziwani hazifanyi maji yawe ya asidi. Zinakuwa mbolea. Pamoja na fosforasi ya vumbi na ya mashambani, zinalisha mwani hadi maji yanakuwa kijani kama rangi ya ukutani. Mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni ya chini. Ukiona samaki wameelea asubuhi huko Kisumu ama Homa Bay, mara nyingi ni oksijeni imewaishia, na karatasi ya litmasi ukiitumbukiza hapo itakuonyesha buluu bila wasiwasi.